Kutoka Raskazone hadi Eldoret: siku 14 za likizo ziliwekwa wapi

Mkimbiaji ninayemzungumzia ni karani wa ghala hapa Tanga. Kila alfajiri hukimbia barabara ya Raskazone, bahari ikiwa upande mmoja, kabla ya kuingia kazini. Muda wake bora wa nusu marathoni, kwenye njia tambarare ya pwani, ni saa 1:10:20. Ukigawa kwa kilomita 21.1 unapata dakika 3:20 kwa kila kilomita. Alialikwa kwenye nusu marathoni huko Eldoret, mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Alikuwa hajawahi kushindana mahali palipozidi mita 1,000.

Sheria ya kazi inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, na yeye alikuwa ameshatumia nusu. Siku 14 zilizobaki ndizo zilizozua mjadala klabuni. Wapo waliosema aende usiku wa kuamkia mbio, akimbie na kugeuza "kabla mwili haujashtuka". Mzee mmoja aliyekimbia enzi za timu za mashirika akasema asiyekaa mwezi mzima huko juu asijisumbue kwenda. Wengine walipendekeza aondoke Jumanne au Jumatano kwa mbio za Jumapili, apate siku tatu nne za kuzoea, na hizo siku nyingine azitunze kwa Krismasi.

Ushauri huu wa mwisho ndio ulionekana wa busara kuliko yote, na ndio mbovu kuliko yote. Ili kuuona ubovu wake, inabidi tufuate mwili wa mtu wa pwani unavyobadilika siku baada ya siku akifika juu.

Hewa ya Eldoret ina sehemu ileile ya oksijeni kama ya Tanga, karibu asilimia 21. Kilichopungua ni shinikizo la hewa yenyewe, ambalo liko chini ya lile la pwani kwa zaidi ya moja ya tano. Kila pumzi inaingia na oksijeni kidogo, na damu inatoka mapafuni bila kujaa. Hasara hii haina siku ya neema, kwani inaanza dakika ile unaposhuka kwenye basi. Wanaosema uwahi kabla mwili haujashtuka wanasahau kwamba mshtuko huo wa kwanza hauna namna ya kuukwepa. Tena unamuuma zaidi mkimbiaji aliyeiva, kwa sababu moyo wake unasukuma damu kwa nguvu mno hata damu haipati muda wa kutosha kwenye mapafu. Mtembeaji wa kawaida hasikii sana, lakini bingwa anasikia mapema.

Kisha yanakuja mambo ya siku ya pili hadi ya tano au sita. Mwili unaanza kuhema zaidi, usiku na mchana, ili kufidia. Kuhema huko kunatoa hewa ya kaboni kupita kiasi na damu inakuwa na ualkali, kwa hiyo figo zinamwaga baikaboneti kwenye mkojo ili kusawazisha. Baikaboneti hiyo ndiyo inayokusaidia kuvumilia miguu inapowaka moto. Papo hapo utegili, yaani sehemu ya maji ya damu, unapungua, pengine kwa asilimia 10 au zaidi. Damu inakuwa nzito kidogo, kila lita inabeba oksijeni zaidi, lakini lita zenyewe zimepungua na moyo unapata kidogo cha kusukuma kwa kila pigo. Ongeza usingizi wa kukatikakatika, mtu anashtuka usiku akihisi amesahau kupumua, na hamu ya chakula inayopotea. Ukifika Jumatano kwa mbio za Jumapili, bunduki inalia ukiwa katikati ya hayo yote, na faida yoyote ya kuzoea haijafika.

Faida inaanza kuonekana mwishoni mwa wiki ya kwanza. Upumuaji unatulia kwenye kiwango kipya, usingizi unarudi, na oksijeni kwenye damu inapanda tena kidogo. Waendesha baiskeli wa kiwango cha juu waliopimwa kwenye mita 2,340 walipoteza karibu asilimia 13 ya uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni siku ya kwanza. Uwezo huo ulirudi polepole siku zilivyopita, na sehemu kubwa ya nafuu ilikuwa imepatikana ilipofika siku ya 14. Ndiyo sababu watu wa fani hii wakiambiwa wachague namba moja, wengi hutaja wiki mbili.

Na ule mwezi mzima wa mzee wetu? Una hoja yake. Oksijeni ikipungua, figo hutoa homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu za damu. Homoni hiyo hupanda ndani ya siku moja au mbili, ila chembe zenyewe huchelewa. Ongezeko la maana la himoglobini linahitaji wiki tatu hadi nne. Mwenye mwezi, fedha na ruhusa ya kazini, aende mwezi. Karani wetu alikuwa na siku 14, na sehemu kubwa ya kinachomrudishia mtu uwezo wake ndani ya muda huo ni upumuaji na mpangilio wa mwili, damu mpya ikiwa bado iko njiani.

Limebaki lile wazo la kufika usiku wa kuamkia mbio. Kwa mtu wa ndege lina maana yake: hasara ya oksijeni ataipata, lakini atakimbia kabla utegili haujapungua sana na kabla usiku mbaya wa pili na wa tatu haujamchosha. Ni kuchagua baya lililo dogo, na ushahidi kwamba linasaidia sana ni mwembamba. Kwa mtu wa basi kutoka Tanga halipo kabisa. Unavuka Horohoro jioni, unashika basi la usiku Mombasa, asubuhi uko Nairobi kwenye mita 1,700 hivi, kisha unapanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ndipo unashuka Eldoret. Saa ya mwili imeanza kuhesabu toka alfajiri ya siku iliyotangulia, na miguu imekunjwa kwenye kiti usiku kucha.

Tukaamua siku zote 14 ziende kabla ya mbio. Aliondoka Ijumaa alasiri baada ya kazi, akalala Eldoret Jumamosi. Mbio zilikuwa Jumapili ya wiki ya pili yake, kwa hiyo alishindana akiwa na siku 15 za huko. Siku ya kurudi aliinunua kwa kubadilishana zamu na mwenzake.

Kabla ya safari

Kazi ya kwanza ilianza wiki saba nyuma, hospitalini. Uboho ukiamriwa kutengeneza chembe nyekundu bila madini ya chuma, amri inabaki amri. Himoglobini ya kijana ilikuwa ya kawaida, lakini feritini, inayoonyesha akiba ya chuma, ilikuwa 18. Kwa mkimbiaji anayekwenda juu, chini ya 30 ni ghala tupu. Daktari akampa vidonge vya chuma na sharti moja lililomuumiza mtu wa Tanga kuliko vidonge vyenyewe: asivinywe pamoja na chai, kwa sababu chai inazuia chuma kisifyonzwe. Akawa anavimeza na chungwa, na kwetu sisi tulio jirani na Muheza hilo halikuwa na gharama. Baada ya wiki sita feritini ilikuwa 34. Vidonge hivi visinywewe kwa kubahatisha. Chuma kikizidi ni sumu, na kipimo ndicho kinachosema kama unahitaji.

Palepale alipimwa selimundu. Kipimo hiki sijaona kikitajwa kwenye programu za mazoezi zinazotoka nchi za baridi, lakini kwa watu wa mwambao si cha kuruka. Mwenye vinasaba vya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa mzima kabisa, anaweza kukimbia Tanga miaka yote bila tatizo. Akijitutumua kwenye mwinuko, oksijeni ikiwa chini na maji mwilini yamepungua, chembe zake zinaweza kubadilika umbo na kuziba mishipa ya wengu. Dalili yake ni maumivu makali upande wa kushoto juu ya tumbo, chini ya mbavu. Kijana wetu hakuwa nayo. Angekuwa nayo, safari ingekuwa ya kuzungumza na daktari kwanza, na kichomi chochote cha upande huo kingekuwa sababu ya kusimama hapohapo.

Mazoezi ya Tanga hatukuyabadili sana. Joto na unyevu wa hapa huongeza utegili, na mtu anayepanda akiwa na utegili mwingi ana cha kupoteza bila kukauka. Tulichoongeza ni wikiendi mbili za Lushoto. Mji uko mita 1,400 hivi, nauli ni ya kawaida, na kona za kutoka Mombo zinatosha kumweleza mtu kwamba anapanda. Usiku mbili mbili hazijengi damu, na sikumdanganya kwamba zinajenga. Nilitaka ajifunze kukimbia kwa pumzi na kuachana na saa. Mara ya kwanza alilazimisha 3:45 kwa kilomita, mwendo wake mwepesi wa Tanga, akamaliza kilomita 12 anahema kama aliyefukuzwa. Mara ya pili aliongozwa na sharti la kuweza kuongea sentensi nzima bila kukata, na saa ikasoma 3:58 mpaka 4:05. Hilo alilibeba hadi Eldoret.

Wiki ya mwisho kabla ya kuondoka ilikuwa nzito ya kutosha, kisha siku mbili za kupumzika. Mtu asipande akiwa amechoka kwa kudhani atapumzikia huko. Siku za kwanza juu hazipumzishi mtu hata akilala tu.

Wiki ya kwanza

Mpango wa siku nne za mwanzo ulikuwa mfupi: Jumapili kutembea, kisha Jumatatu hadi Jumatano kukimbia dakika 30 hadi 45 kwa mwendo wa kuongea, asiguse kasi. Kila asubuhi apime mapigo ya moyo kabla ya kuinuka kitandani na aangalie oksimita ya kidoleni. Anywe maji kuliko anavyosikia kiu, kwa kuwa hewa ya kule ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na mkojo unaongezeka.

Tanga mapigo yake ya asubuhi yalikuwa 46. Jumatatu yakasoma 56, oksijeni 92. Jumatano 54 na 93. Mapigo yalikuwa yanateremka vizuri.

Alhamisi kundi la vijana wenyeji lilipita mlangoni kwao likienda mazoezi ya kubadilisha kasi, dakika moja kali, moja laini, mara ishirini na tano. Waliomkaribisha walimwambia twende kaka, na yeye, kwa ule ugonjwa wa wakimbiaji wote, akaenda. Alihimili robo tatu. Jioni akanipigia kuniambia anajisikia vizuri. Ijumaa mapigo yalikuwa 59, Jumamosi 61. Hakulala, kichwa kilimgonga, na ugali wa mwenyeji wake ukarudi jikoni nusu.

Hapa kuna jambo ambalo mtu wa pwani inabidi alijue kuliko mgeni mwingine yeyote. Maumivu ya kichwa kwa aliyetoka Tanga siku saba zilizopita yanaweza kuwa mwinuko, yanaweza kuwa uchovu, na yanaweza kuwa malaria aliyoondoka nayo nyumbani. Vimelea hukaa kimya wiki moja, mbili, hata zaidi kabla ya homa. Mwinuko wa mita 2,100 haumpandishi mtu joto. Nilimwambia apime joto kwanza, na hata alipoliona ni la kawaida aende zahanati apimwe malaria. Hakuwa nayo. Pasipo kipimo, angeweza kukaa siku tatu akiusingizia mwinuko. Na kama mtu anapepesuka akitembea, anachanganya maneno, au anakosa pumzi akiwa amekaa, hapo haulizi, anateremshwa chini siku hiyohiyo. Kwa urefu wa Eldoret ni nadra, ila wanaolala kambi za juu zaidi wajue.

Jumamosi na Jumapili hakukimbia. Mazoezi yale ya Alhamisi yangekuwa mazuri wiki moja baadaye. Siku ya tano yalikuwa yanaomba nguvu kwenye mwili ambao bado unajipanga. Siku mbili zilipotea, na Jumatatu mapigo yakarudi 53.

Kasi bila kujichimbia

Tatizo la wiki ya pili ni hili: ukikimbia polepole kila siku kwa sababu ya hewa, miguu inasahau kasi, ukilazimisha kasi ya Tanga kwa urefu uleule, unazama. Jibu ni kufupisha vipande na kurefusha mapumziko. Tanga alizoea kilomita moja mara sita, akipumzika dakika moja na nusu. Siku ya tisa alikimbia mita 400 mara kumi kwa sekunde 80 hadi 82, ambayo ni kasi yake ya mbio za nyumbani, akipumzika dakika mbili. Oksijeni haiishi sana ndani ya sekunde 80, na miguu inapata ilichokuja kuchukua. Kupumzika muda mrefu si uzembe. Ukiona marudio ya saba yanachelewa kwa sekunde tatu nne huku umejitahidi vilevile, ongeza dakika au funga kazi.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa ya kupima kilomita tano kwa mwendo tuliokusudia wa mashindano. Tuliupata hivi. Mbio ndefu za uwanjani kwenye mwinuko wa aina hii hupunguza kasi kwa asilimia 5 hadi 7 kwa aliyezoea. Olimpiki ya Meksiko ya 1968, mita 2,240, ndiyo kipimo kinachokumbukwa: Naftali Temu wa Kenya alishinda mita 10,000 kwa 29:27.4, huku rekodi ya dunia wakati huo, ya Ron Clarke wa Australia, ikiwa 27:39.4. Ni tofauti ya asilimia sita na nusu, ingawa sehemu yake ni mbinu za mbio za medali. Clarke mwenyewe, mtu wa usawa wa bahari, alimaliza wa sita na kuanguka akapewa oksijeni.

Kwa karani wetu, asilimia 6 juu ya 3:20 ni 3:32. Alipojaribu kilomita tano kwa mwendo huo aliweza kuongea maneno matatu manne mwishoni, na mapigo ya asubuhi iliyofuata yalikuwa 50. Mapigo yalishuka bila kufika 46 ya Tanga, na sikutegemea yafike.

Siku ya mbio

Agizo lilikuwa kilomita tano za kwanza zisipungue dakika 18, yaani 3:36 kwa kilomita, hata kama kundi zima linamwacha. Pwani, ukianza haraka mno unalipa deni kwa kupunguza kasi kidogo ukapata nafuu. Juu, ukishavuka mpaka wako deni halilipiki mbioni, kwa kuwa hewa ya kulilipia ndiyo hiyohiyo iliyopungua.

Alipita tano kwa 18:00, akiwa mbali nyuma. Tano za pili 17:50, za tatu 17:42, za nne 17:38. Alimaliza saa 1:14:58. Ni asilimia 6.6 nyuma ya muda wake wa Tanga, na njia ya Eldoret ina vilima ambavyo Raskazone haina.

Mwenzetu mwingine wa klabu, ambaye nyumbani hukimbia 1:12:00, alipata ruhusa ya kuondoka Jumatano tu, akafika Alhamisi. Alianza kwa 17:20, kisha 18:05, 19:20, 20:10, akamaliza 1:19:22. Amepoteza asilimia 10. Wapo wanaotaka kuziweka asilimia zote hizo kwenye siku za kufika. Mimi sikubali. Tano zake za kwanza zilikuwa kasi ya mtu aliyesahau yuko wapi, na angeanza kwa 18:20 nadhani angeokoa dakika mbili au zaidi hata kwa siku zake hizo tatu. Watu wawili hawathibitishi kanuni, ila mgawanyo wa vipande vyao unaonyesha kila mmoja alianzia kupoteza wapi.

Kwa hiyo mwenye siku nne asihangaike kuzitafuta nyingine. Aende nazo, asikimbie kwa nguvu hata mara moja kabla ya mbio, alale na kunywa, kisha aongeze asilimia 8 au 9 kwenye mwendo wake wa nyumbani na aanzie polepole zaidi ya hapo. Mwenye siku tisa au kumi amepita ule ukingo mbaya na anaweza kufanya mazoezi mamoja ya vipande vifupi, siku ya saba. Mwenye kuchagua kati ya siku saba na 14, azichukue zote 14, na Krismasi itafute siku nyingine.